Mwalimu kazungushia 8 kwenye kugawanya kwa mwanangu, mi naona 8 haina shida. Kosa linaanzia wapi?

#1 BabaWawili
Wakuu habari za jioni. Kijana wangu yuko darasa la tano, jana karudi na daftari, swali lilikuwa 15,372 gawanya kwa 36, kapata 482 baki 20. Mwalimu kampiga kosa, kaizungushia ile 8 ya juu kwa kalamu nyekundu kaandika "rudia" basi. Sasa nimekaa nayo hiyo 8, 36 mara 8 ni 288, 297 toa 288 ni 9, mbona iko sawa? Picha hiyo hapo chini, samahani nimeipiga usiku na karatasi imefutwafutwa. Kwa ambao haifunguki naandika kama ninavyoiona, alama ya kuuliza ni tarakimu ambayo siisomi vizuri:

```
       482
36 | 15372
     1?4
     ---
      297
      288
      ---
        92
        72
        --
        20
```

Kikokotoo cha simu kinasema 427 kamili bila baki. Nataka nijue nimwoneshe mtoto mstari gani, sio kumwambia tu rudia.

#2 Kibonde77
Mkuu mbona iko wazi. Jibu 427, yeye 482. Ya kwanza 4 na 4 zinafanana, ya pili ilitakiwa 2 yeye kaweka 8. Maana yake mpaka kwenye 4 alikuwa salama akaharibu kwenye 8. Mwalimu yuko sahihi, kazi kwisha.

#3 MamaNasra
Hii shida wanayo wote, wa kwangu anaruka sufuri. 9,744 kwa 36 sijui kwa 24 vile, ndiyo kwa 24, kapata 46 badala ya 406. Akishusha 4 anapata 14, anaona 24 haiingii, anashusha nyingine moja kwa moja bila kuandika sufuri juu. Mwambie mwanao asisahau sufuri.

#4 BabaWawili
@MamaNasra asante lakini kwenye hii hakuna sufuri dada angu, jibu ni 427.

#5 ChakiVumbi
Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka mingi, naomba niseme neno kuhusu #2 maana na mimi nilikuwa nasahihisha hivyohivyo nikiwa na madaftari 70 mezani. Unachukua jibu sahihi, unalilaza pembeni ya jibu la mtoto, tarakimu ya kwanza inayotofautiana unaizungushia. Ni haraka lakini inadanganya. Kazi ya mtoto haikaguliwi kwa jibu lako, inakaguliwa kwa mstari wake mwenyewe wa juu. Unauliza, huu mstari unatokana kweli na ule uliotangulia? Wa kwanza utakaokataa ndio mwanzo wa kosa, hata kama tarakimu ya juu ni nzuri.

Sasa mfuateni mtoto. 36 kwenye 153 inaingia mara 4, sawa. Mara 4 hiyo inazaa huo mstari wenye alama ya kuuliza. Chini yake kapata 29, akashusha 7 ikawa 297. Kwa mtu mwenye 297 mkononi, 8 ndiyo tarakimu sahihi kabisa, angeandika 2 ndiyo ingekuwa kosa. 288 sahihi, 9 sahihi, kashusha 2 sahihi, 92 inaingia 2, 72 sahihi, baki 20 sahihi. Kila kitu kuanzia 297 kwenda chini ni safi. Uchafu uko kati ya ile 4 na 29. Ilitakiwa ibaki 9 yeye kabaki na 29.

#6 Kibonde77
Lakini mwalimu angeona 29 ni nyingi mno. Si tuliambiwa baki ikiwa kubwa ujue umekosea?

#7 ChakiVumbi
Kubwa kuliko 36 ndiyo ungejua. 29 iko chini ya 36 kwa hiyo inapita getini bila kukaguliwa. Ndiyo maana mtoto hakushtuka, na mwalimu naye hakushtuka.

#8 RejestaYaKanga
Mi niko dukani nafunga hesabu kila siku, kuna kitu sisi tunafanya pesa zikigoma kulingana, hatutafuti kwanza, tunaangalia zimepishana kwa ngapi. Rudisha hesabu ya mtoto. 482 mara 36 ni 17,352, jumlisha baki 20 inakuwa 17,372. Swali ni 15,372. Imezidi 2,000 kamili. Angekuwa kavuruga sehemu nyingi isingekuwa namba safi hivyo. Kwa hiyo kosa ni moja na liko kwenye maelfu, aangalie ile 15 ya mwanzo.

#9 ChakiVumbi
@RejestaYaKanga umenifurahisha, ila kwenye maelfu hapana. Ile 4 imekaa juu ya 3, na 3 kwenye 15,372 ni mia tatu. Raundi ya kwanza yote inafanyika kwenye mamia. 153 pale ni mia 153. Baki ilitakiwa 9 ikawa 29, imezidi 20, na 20 hizo ni mamia ishirini, ndiyo 2,000 yako. Kosa lingekuwa raundi ya pili ungeona kitu cha makumi, tuseme imezidi 200. Raundi ya mwisho ungeona 20 tu kavu. Kwa hiyo hata picha ingekuwa giza tupu, ukisoma swali na jibu lake pamoja na baki, ungejua kosa liko raundi gani.

#10 RejestaYaKanga
Nimekubali, mamia. Kumbe nilikuwa naijua njia sijui kwa nini inafanya kazi 😂

#11 MamaNasra
Sasa nimejaribu hiyo ya kurudisha kwa wa kwangu. 46 mara 24 ni 1,104, toa kwenye 9,744 inapishana 8,640. Hiyo siyo namba safi wala nini, mbona imekataa?

#12 ChakiVumbi
Haijakataa mama, inakwambia kitu kingine. Gawanya hiyo 8,640 kwa 24, inapata 360 kamili. Tofauti ikigawanyika kamili kwa namba unayogawia, mara nyingi mtoto hakukosea kuzidisha wala kutoa, kakosea kuandika jibu juu, kuna tarakimu imerukwa au imekaa sehemu siyo yake. Kwako 406 imeandikwa 46, imepishana 360. Ya BabaWawili 2,000 haigawanyiki kwa 36, kwa hiyo ugonjwa wake uko chini kwenye kuzidisha, kutoa au kunakili. Tahadhari moja, hii inasaidia mtoto akiwa na kosa moja. Yakiwa mawili tofauti zinachanganyikana na utapoteza jioni nzima.

#13 Mkware_wa_Namba
Wazee mnajisumbua. 15,372 jumlisha tarakimu zake ni 18, inagawanyika kwa 9. Mbili za mwisho ni 72, inagawanyika kwa 4. Basi inagawanyika kwa 36, baki lazima iwe sufuri. Sekunde tatu unajua kakosea.

#14 Kibonde77
Kakosea tunajua toka #1 🤣 tumeulizwa wapi.

#15 Mkware_wa_Namba
Haya bwana.

#16 NyotaYaThika
Mimi nimezoom hiyo picha sana. Ile alama ya kuuliza ni 2, mstari ni 124. Na hiyo inaeleweka vizuri, 6 mara 4 ni 24, akaandika 4, ile 2 ya kubeba akaisahau, halafu 3 mara 4 ni 12. Akaandika 124. 153 toa 124 ni 29. Imeisha hiyo. Wangu wa Grade 4 alikuwa anafanya hivyo mpaka nikamlazimisha kuandika ile ya kubeba kando na penseli.

#17 BabaWawili
@NyotaYaThika nakushukuru sana, basi nitamwonesha hapo kwenye 124.

#18 FutioLaPembe
Subirini kwanza. Na mimi nimeikuza, mi naona 4 ambayo mguu wake umefutika. Mstari ni 144.

#19 NyotaYaThika
Ingekuwa 144 angepata 9, amepata 29. Namba za chini zinakuambia ya juu ilikuwa nini. Ndivyo mtu husoma mwandiko mbaya, kama hujui ni 1 ama 7 unaangalia alichofanya nayo mstari unaofuata.

#20 FutioLaPembe
Hiyo kanuni naikubali ila inadhani mtoto alitoa sawasawa. Sasa angalia. 153 toa 144. 3 toa 4 haiwezekani, anakopa, 13 toa 4 ni 9. Akirudi kwenye 5 ilitakiwa ipungue iwe 4, yeye akaiongeza ikawa 6. 6 toa 4 ni 2. Anapata 29. Namba ileile yako.

#21 NyotaYaThika
😳

#22 Kibonde77
Haaa. Kwa hiyo 29 ina baba wawili. Jina la mwenye uzi limejibu lenyewe.

#23 ChakiVumbi
@FutioLaPembe hapo umenipiga, nilikuwa nimeshahukumu 124 kimoyomoyo. Na ile hila ya 2,000 haisaidii tena, kwa sababu njia zote mbili zinaongeza 20 palepale kwenye mamia. Inakuleta mlangoni inakuacha hapo. Sasa ni ile tarakimu moja ndiyo inaamua kama mtoto afundishwe kubeba au afundishwe kukopa.

#24 NyotaYaThika
Lakini nani huongeza badala ya kupunguza? Mtoto wa darasa la tano?

#25 MzeeWaBukavu
Habari zenu. Mimi nilisomea Bukavu na sisi tulifundishwa kutoa kwa namna ingine. Ukikopa kumi juu, haupunguze jirani yake wa juu, unalipa moja chini. 153 toa 144, 13 toa 4 ni 9, halafu ile 4 ya chini inakuwa 5, 5 toa 5 sufuri. Jibu 9. Sasa mtoto mwenye amefundishwa namna mbili, moja shule moja nyumbani, anaweza kulipa ile moja juu badala ya chini. 5 inakuwa 6. Mimi niliona hii kwa watoto wa dada yangu. Na kugawanya kwetu, ile 36 inakaa upande wa kuume na jibu linaandikwa chini yake, na wengine hawaandiki hata ile 144, wanatoa kichwani, wanaandika baki tu. Kwa picha ya namna ile haungejua kabisa.

#26 BabaWawili
@MzeeWaBukavu umenishtua. Babu yake ndiye anayemsaidia jioni, na mzee hukopa juu halafu analipa chini, nimemwona. Shuleni wanafundishwa kupunguza jirani.

#27 Kibonde77
Babu aitwe kwenye kikao 🤣🤣

#28 NyotaYaThika
Ngojeni, msimfunge babu bado. Kwa karatasi hiyohiyo kuna 297 toa 288. Hapo pia lazima ukope, 7 toa 8 haiwezi. Kama angekuwa na hiyo tabia ya kuongeza, 9 ingekuwa 10, 10 toa 8 ni 2, angepata 29 tena. Amepata 9. Kwa hivyo anajua kukopa. Kesi ya babu imeanguka.

#29 FutioLaPembe
Na kwa hoja hiyohiyo kesi yako imeanguka pia. 36 mara 8, 6 mara 8 ni 48, beba 4, 24 na 4 ni 28, kapata 288. Anajua kubeba. Hata 72 ina kubeba moja ndani yake. Halafu 297 na 288 zimekaribiana, mtu anaona kwa macho ni 9, wala hakopi.

#30 NyotaYaThika
153 na 144 pia zimekaribiana 🙄

#31 FutioLaPembe
Kweli. Hapo sina la kusema.

#32 ChakiVumbi
Naomba muangalie ukingo wa kushoto wa picha. Kuna safu ya namba imekatwa, mi nasoma 36, 72, 108, halafu fremu imeisha. Kama huyo mtoto kajiorodheshea mara za 36 pembeni kama rafu, basi hakuzidisha kabisa pale ndani, alikuwa ananakili. Na hapo inaingia sababu ya tatu, pembeni kaandika 144 sahihi, akanakili 124. Hiyo siyo kubeba wala kukopa, ni macho. Na ingeeleza kwa nini 288 na 72 ni safi, zimetoka kwenye orodha. BabaWawili tunaomba picha nyingine, ukurasa mzima na pembeni zake zote, mchana, daftari likiwa limelala chini na simu ikiangalia moja kwa moja kutoka juu. Hii ya sasa umeipiga kwa ubavu, safu zimelala, hata ile 92 inaonekana kama iko chini ya 97.

#33 Mkware_wa_Namba
Na ukituma kwa Watsapu kwa mtu aikague tuma kama dokumenti sio kama picha, ile ya kawaida inabanwa na alama za penseli zilizofifia ndizo zinakufa kwanza.

#34 RejestaYaKanga
Kuna siku nilisoma 1 kama 7 kwenye risiti ya mkono ya mzigo wa mafuta, tulitafuta elfu sitini usiku kucha. Mwandiko wa watu jamani.

#35 BabaWawili
Nimerudi wakuu, ni mchana sasa. Picha mpya hiyo. Pembeni kweli kuna orodha, inaenda 36, 72, 108, halafu ya nne imefutwa na raba mpaka karatasi imetoboka, halafu 180, 216, 252, 288. Kwa hiyo @ChakiVumbi umepatia kuhusu orodha lakini ile namba yenyewe tunayoitaka ndiyo haipo. Ile ya ndani nimeiangalia kwa kuweka tochi ya simu nyuma ya karatasi, kuna alama za 2 na za 4 zote mbili, moja juu ya nyingine, sijui ipi ilitangulia.

#36 Kibonde77
Karatasi imekula ushahidi.

#37 ChakiVumbi
180 baada ya ile iliyofutwa ni muhimu. Kama orodha alikuwa anaijenga kwa kujumlisha 36 kila mara, basi ya nne ilikuwa 144, maana 124 jumlisha 36 ni 160 siyo 180. Kama alikuwa anazidisha moja moja, yoyote inawezekana.

#38 NyotaYaThika
Ama aliandika 124, akaendelea, baadaye akaona 180 haikubaliani akarudi kufuta pembeni na akasahau kubadilisha chini. Ile 4 juu ya 2 ndani ni alianza kurekebisha halafu akaona kazi yote ya chini itabidi ifutwe, akaacha. Watoto hufanya hivyo sana.

#39 FutioLaPembe
Ama kinyume chake, alikuwa na 144 na 29, mwenzake akamwambia 153 toa 144 siyo 29, akabadilisha ya juu iwe 124 ili ilingane 😅 Na mimi nilikuwa nafanya hivyo.

#40 MzeeWaBukavu
Mtoto mwenyewe anasema nini? Mko na watu kumi mnasoma karatasi na mwenye kuiandika iko nyumbani.

#41 BabaWawili
Nimemuuliza mtoto, mzee wangu. Sikumwonesha kosa, nilimpa karatasi tupu na nikamwomba afanye huku anasema kwa sauti. 36 mara 4, akasema 24 andika 4 beba 2, 12 na 2, 14, akaandika 144. 153 toa 144 akapata 9. Nikaongeza za kumtega, 47 mara 3 kapata 141, 262 toa 154 kapata 108. Zote safi. Kwenye kutoa alipunguza jirani kama shuleni, siyo ya babu. Nilipomfungulia daftari nikamuuliza hapa ulianza na 2 au 4, akaangalia muda mrefu akasema "nilifuta". Ndo hivyo tu.

#42 ChakiVumbi
Ulivyomwomba aseme kwa sauti umefanya vizuri, ila ujue mtoto anayesema kwa sauti mbele ya baba yake anabeba ile 2 kwa uangalifu ambao hana akiwa na maswali kumi na kengele inakaribia. Mimi ningemwekea kidole chini ya 29 tu, nimwambie hapa juu yake kuna kitu, kitafute. Sio kumwambia ni 124 wala ni 144. Na yale ya chini umwambie wazi kwamba aliyafanya vizuri, maana sasa hivi anaamini 8 ndiyo mbaya.

#43 Kibonde77
Nami nafuta #2 yangu kwa raba mpaka itoboke.

#44 NyotaYaThika
Mimi bado nasema 124.

#45 FutioLaPembe
144.

#46 BabaWawili
Nimefanya kama @ChakiVumbi alivyosema, nikaweka kidole kwenye 29. Kaangalia kidogo akasema "hii ilitakiwa 9", akaifuta, na ya juu yake akaandika 144 kwa kalamu ya wino. Kwa hiyo wapenda ushahidi poleni, na ile ya zamani haipo tena. Babu naye kasikia anatajwa humu, anasema yeye siku zote alimfundisha kulipa chini, kama kuna aliyelipa juu basi ni mjukuu.

#47 MamaNasra
Jamani na wa kwangu je, nimwekee kidole wapi, kwenye 14?

#48 ChakiVumbi
Kwenye 14 ndiyo mama. Halafu umuulize 24 imeingia mara ngapi hapo. Akijibu "haiingii", mwambie haya, hiyo "haiingii" iandike juu.